Skripti ya dakika moja ya kuuza kazi yako ya picha za harusi Mwanza: uonyeshe matukio gani na pakeji uzitaje vipi

Wapiga picha wenzangu wa Mwanza, hii ni kwa ajili ya yule ambaye kazi anayo, klipu zimejaa kwenye simu na kompyuta, ila akiposti watu wanaandika "kazi nzuri kaka" alafu oda haziji. Mara nyingi picha hazina shida. Shida ni kwamba ile video haimwambii anayelipa kitu chochote anachoweza kwenda kukisema kwenye kikao. Kwahiyo naelekeza hatua kwa hatua jinsi ya kuandika skripti ya video ya sekunde 60, inayoonyesha matukio na pakeji, na mwisho nimeweka skripti nzima ambayo unaweza kuichukua ukabadilisha ukaifanya yako.

Hatua ya 1: Jua unaongea na nani

Huku kwetu harusi inaendeshwa na kamati. Bibi harusi ndo anakuona kwanza Instagram au kwenye stetasi ya rafiki yake, anakupenda, sawa, ila yeye hashiki hela. Anaichukua ile video anaitupa kwenye grupu la WhatsApp la kamati, na humo ndani kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kuna mashangazi, kuna kaka yupo Dar anachangia sana na anataka kujua hela yake inaenda wapi. Hao ndo wanaamua, na wanaamua jumapili jioni kwenye kikao huku michango bado haijatimia, mpiga picha akiwa ni mstari mmoja tu kwenye bajeti iliyo na ukumbi, chakula, mapambo, keki, magari na mshereheshaji.

Sasa fikiria video yako inafikaje pale. Mtu ameidaunlodi, ameituma, kapshen yako ndefu uliyoandika imebaki Instagram, jina la akaunti halionekani, na namba ya simu ilikuwa kwenye bayo. Mweka hazina anaangalia dakika moja ya maharusi wanacheka ziwani, anauliza "huyu bei gani?", hakuna anayejua, na mjumbe mwingine anasema "mimi nina kijana namfahamu, anachukua laki nne". Imeisha hapo.

Kwahiyo kanuni ya kwanza ya skripti: kila kinachotakiwa kujulikana kiwe ndani ya video yenyewe, kisikike kwa sauti na kisomeke kwa maandishi. Bei, wapiga picha wangapi, mnafanyia kazi maeneo gani, namba ya simu. Watu wengi wanaangalia simu ikiwa kimya, wengine wanasikiliza huku wanaendesha au wanapika, hivyo usitegemee njia moja.

Hatua ya 2: Andika pakeji kabla hujachagua hata klipu moja

Wengi wanaanzia kwenye klipu, wanachukua zile kali kuliko zote wanaziunganisha, alafu mwisho wanabandika bei. Geuza. Anza na pakeji, kwasababu kila klipu unayoonyesha ni ahadi. Ukionyesha matroni anamfunga bibi harusi vifungo vya gauni asubuhi, mtu anayelipia pakeji ya chini ataamini na yeye utafika nyumbani kwao asubuhi. Usipofika atakuuliza mbele ya watu, na kwa kweli atakuwa na haki.

Natumia mfano wa pakeji tatu. Bei ni za mfano tu, wewe weka zako kulingana na gharama zako.

Pakeji ya kwanza, laki sita. Mpiga picha mmoja, kuanzia ibada mpaka kulishana keki ukumbini, picha mnato zilizoeditiwa zinatumwa kwa linki, hakuna albamu.

Pakeji ya pili, milioni moja na laki mbili. Wapiga picha wawili, kuanzia maandalizi asubuhi nyumbani, ibada, picha za ziwani, ukumbi mpaka zawadi zinaisha, pamoja na albamu moja.

Pakeji ya tatu, milioni mbili na laki mbili. Kila kilichopo kwenye ya pili, ongeza video na siku ya sendofu.

Kabla hujazitaja hadharani zipigie hesabu, maana bei ukishaiweka kwenye video inayozunguka huwezi kuirudisha. Chukua hiyo ya pili. Mpiga picha wa pili tuseme unamlipa 150,000, msaidizi wa kubeba taa 40,000, albamu kuchapa 250,000, mafuta na usafiri wa siku nzima 60,000. Hapo umeshatoa 500,000, inabaki 700,000 na ndani yake kuna siku kadhaa za kukaa kwenye kompyuta unaediti, kuna kamera inachakaa, kuna kodi, kuna bando la kupandisha picha zote hizo. Ukiona kilichobaki hakikutoshi, rekebisha sasa hivi, sio ukiwa umeshapokea advansi.

Na hapohapo amua utapunguza nini kamati ikianza kubembeleza, kwasababu itabembeleza. Ushauri wangu, punguza kurasa za albamu au iondoe kabisa, ila mpiga picha wa pili usimguse. Maharusi wakiwa wanaingia ukumbini mtu mmoja hawezi kuwa mbele yao na wakati huohuo awe anamtazama mama mzazi, na sura ya mama ndo watakuja kuitafuta.

Maeneo nayo yaandike. Mimi naona ni vizuri kusema wazi kwamba Nyamagana na Ilemela usafiri umo ndani ya bei, nje ya hapo tunaongea. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 kwenda Sengerema kumekuwa rahisi, husubiri tena kivuko na vyombo vyako juani, lakini bado ni mafuta na ni muda. Ukerewe ndo usiikisie kabisa, ule ni usafiri wa meli kwenda Nansio na kulala huko, na hiyo lazima iwe kwenye bei.

Hatua ya 3: Chagua matukio, na uchague kutoka harusi moja

Hapa najua wengi tutabishana. Kawaida tunachukua klipu bora kutoka harusi kumi. Mimi naona chukua harusi moja, uifuate kuanzia asubuhi mpaka usiku. Mweka hazina anaogopa kitu kimoja, kwamba huyu kijana atapiga vizuri mchana alafu usiku apotee au betri ziishe. Akiona bibi harusi yuleyule asubuhi akiwa na kanga, mchana na gauni, jioni ziwani, na saa nne usiku anacheza na shangazi zake, ameshajibiwa bila wewe kusema neno. Harusi kumi zilizochanganywa zinaonyesha tu kwamba siku kumi tofauti ulibahatisha picha moja nzuri.

Matukio matano yanatosha.

La kwanza ni maandalizi. Tafuta ile ya karibu, mikono ya matroni kwenye vifungo, au mama anaingia chumbani anamkuta binti yake ameshavaa. Usitumie viatu kwenye kitanda na chupa ya manukato, kila mtu anayo hiyo.

La pili ni kanisani au kwenye nikaha. Hapa onyesha adabu yako ya kazi. Mapadri na wachungaji wengi hawataki flashi wakati wa viapo wala mtu anayepanda mpaka karibu na altare, na wazee kwenye kamati wanajua hilo na wameshaona wapiga picha wakikemewa mbele ya waumini. Klipu ya pete iliyopigwa kutoka pembeni, watu wametulia, inawaambia huyu hatatuaibisha. Kwa nikaha, chagua pale ambapo sheikh na walii wa bibi harusi wanaonekana vizuri, mkono wa walii umeshika mkono wa bwana harusi, maana hicho ndo kiini chenyewe.

La tatu ni ziwa, na hili ndo lina mtego. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua letu linazama kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 1 na dakika kumi mwaka mzima, linabadilika kidogo tu. Mwanga ule laini wa dhahabu unaoufahamu unapatikana kuanzia kama saa 11 na nusu, na ukisimama upande wa Capri Point au pale karibu na Jiwe la Bismarck jua linashuka upande wa maji. Picha inakuwa nzuri sana, kila mteja anaitaka. Lakini ndoa ya saa 8 mchana ikichelewa kuanza, mahubiri yakiwa marefu, picha za ukoo nje ya kanisa zikachukua saa nzima, mtafika ziwani giza linaingia. Kwahiyo kwenye skripti usiseme "tutawapiga machweo", sema ibada ikiisha kwa wakati tunakuwa ziwani saa 11 na nusu. Sentensi hiyo inakulinda, na pia inaifanya kamati ianze kuheshimu ratiba.

Angalia na sehemu ulikopigia hiyo klipu. Kama ni bustani ya hoteli inayotoza hela ya kupiga picha, au kisiwa cha Saanane ambacho ni hifadhi ya taifa, kuna boti na kuna kiingilio, basi mtu akiiona atadhani imo kwenye pakeji. Au itoe, au andika chini yake kwa herufi zinazosomeka "kiingilio mnalipa wenyewe". Droni vilevile. Kurusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na uwanja wa ndege wetu uko hapohapo Ilemela, kwahiyo kama huna kibali usiweke klipu ya juu hata kama ni nzuri kiasi gani. Kamati itaiomba na hutakuwa na la kusema.

La nne ni kuingia ukumbini, na hapa angalia taa. Taa za ukumbi nyingi zinaacha mistari inayopanda na kushuka kwenye video, kwenye kioo cha simu inaonekana zaidi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwahiyo klipu zilizopigwa kwa shata ya 1/50 au 1/100 kwa kawaida zinakuwa safi, zile za 1/60 au 1/125 ndo mara nyingi zinasumbua. Ukiona mistari, hiyo klipu iache, kuna wazee hawajui kinaitwaje ila wanaona kuna kitu hakijakaa sawa.

La tano, na hili ndo naliona wapiga picha wengi wanaliacha na ndo linaloiuza kazi kwa kamati, ni zawadi. Angalia jinsi inavyokuwa. Mshereheshaji anaita ukoo wa mama, dijei anaachia mziki, mashangazi wanakuja kwa mstari wanacheza, wa mbele wanatandika vitenge chini ili maharusi wakanyage juu yake, wa nyuma wamebeba masufuria vichwani, mmoja anamfunga bibi harusi kitenge kiunoni huku vigelegele haviishi, na mjomba anashika maiki anatangaza ng'ombe. Watu wote hao wamechanga. Mjumbe wa kamati akiona kwenye video yako kwamba mashangazi walionekana, sura zao zina mwanga, hakuna aliyekatwa kichwa, anawaona ndugu zake mwenyewe pale. Mpe tukio hili sekunde nyingi kuliko ziwa.

Jambo moja kuhusu ruhusa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria ni heshima tu, usitumie sura ya mtu kutangazia biashara bila kumuuliza. Kwenye mkataba wako weka mstari wa maharusi kukubali au kukataa picha zao zitumike kwenye matangazo, wasaini. Wakikataa, umekatazwa, tafuta harusi nyingine. Watoto na mtu anayelia kwa uchungu, mfano anamkumbuka mzazi aliyefariki, mimi siwaweki kabisa.

Hatua ya 4: Andika maneno

Sekunde 60 kwa mwendo wa kuongea kawaida ni kama maneno 120, na humo toa sekunde chache za mwanzo ambapo huongei. Ukizidi hapo utaanza kukimbia na mweka hazina hatashika bei.

Andika unavyoongea na mtu mzima unayemheshimu. Yale maneno ya "tunatoa huduma bora na za kisasa kwa bei nafuu" yafute yote, mweka hazina ameshayasikia kwa mtu wa mapambo, wa keki na wa magari, hayamwambii kitu. Badala yake taja kitu kinachoonekana muda huohuo kwenye picha: saa, mahali, mtu. Kuhusu lugha, wengine wanapenda kuanza na salamu ya Kisukuma, Mwangaluka, inapendeza na kama ndo lugha yako ya nyumbani hakuna shida, ila kumbuka grupu moja la kamati hapa mjini lina Wasukuma, Wahaya, Wajita, Wakerewe na Wakurya, kwahiyo Kiswahili cha kawaida ndo kinamfikia kila mtu.

Sasa skripti yenyewe.

Sekunde 0 mpaka 4. Picha: mama anaingia chumbani, anamwona binti na gauni, anashika mdomo. Sauti: ya palepale chumbani, vigelegele, wewe huongei. Maandishi: Harusi moja, Mwanza, asubuhi mpaka usiku.

Sekunde 4 mpaka 12. Picha: mikono ya matroni kwenye vifungo. Sauti yako: "Saa mbili asubuhi, nyumbani kwa bibi harusi. Tumefika kabla gauni halijavaliwa." Maandishi: Maandalizi, pakeji ya 2 na ya 3.

Sekunde 12 mpaka 19. Picha: pete, kutoka pembeni. Sauti: "Kanisani tunakaa pembeni, ibada inaendelea, na pete inaonekana." Maandishi: Ibada, pakeji zote.

Sekunde 19 mpaka 26. Picha: maharusi wanatembea kando ya maji. Sauti: "Ibada ikiisha kwa wakati, saa kumi na moja na nusu tuko ziwani." Maandishi: Ziwani, pakeji ya 2 na ya 3.

Sekunde 26 mpaka 38. Picha: kuingia ukumbini kwa sekunde 3, zinazobaki zote ni mashangazi na vitenge. Sauti: "Ukumbini tunakuwa wawili. Mmoja anawaangalia maharusi, mwingine anawaangalia wazazi, mashangazi na wageni, mpaka zawadi ya mwisho." Maandishi: Wapiga picha 2, pakeji ya 2 na ya 3.

Sekunde 38 mpaka 54. Picha: albamu mezani, mkono unafungua kurasa polepole, bei zinatokea moja baada ya nyingine na zinabaki hapohapo. Sauti: "Pakeji ziko tatu. Laki sita, mpiga picha mmoja, ibada mpaka keki. Milioni moja na laki mbili, wapiga picha wawili, siku nzima na albamu. Milioni mbili na laki mbili, unaongeza video na sendofu. Nyamagana na Ilemela usafiri tumeshaweka."

Sekunde 54 mpaka 60. Picha: jina la studio na namba ya simu, kubwa, rangi nyeupe juu ya rangi nzito. Sauti: "Tuma tarehe yenu WhatsApp, leo hiihii nakujibu kama siku ipo wazi."

Angalia kwamba kila tukio lina maandishi ya pakeji yake. Hiyo ndo inamaliza ugomvi wa baadae. Na mwisho simwambii mtu "nicheki kwa maelezo zaidi", namwomba kitu kimoja chepesi, tarehe, kwasababu mtu anayetuma tarehe ana harusi kweli.

Hatua ya 5: Rekodi sauti na uunganishe

Video iwe ya kusimama, 1080 kwa 1920, na maandishi usiyabandike chini kabisa wala pembeni kulia, pale TikTok na Instagram wanaweka vitufe vyao na jina la akaunti, bei yako itafunikwa. Sauti rekodi chumbani penye kitanda, pazia na nguo, sio kwenye chumba kitupu kinachorudisha mwangwi, simu ikiwa karibu na mdomo kama shubiri moja. Mziki uwe chini sana au usiwepo, na ule wa msanii maarufu unaweza kunyamazishwa na mtandao, ukapoteza na sauti yako humohumo. Mimi naacha vigelegele na ngoma za siku yenyewe visikike kwa mbali chini ya maneno.

Hatua ya 6: Ijaribu kwa mtu ambaye hapigi picha

Mwonyeshe shangazi yako au jirani, mara moja tu, alafu chukua simu umuulize: pakeji ya katikati bei gani, wanakuja wapiga picha wangapi, na unatakiwa utume nini. Akikosa bei, ongeza muda wa zile sekunde za pakeji na upunguze ziwa. Usimuulize kama ni nzuri, atakwambia nzuri.

Ukishaiposti, soma meseji zinazokuja, zinakuonyesha kosa liko wapi. Wakiuliza "bei gani?" na wameshaangalia, maana yake bei haisomeki au imepita haraka. Wakiuliza "na asubuhi mtakuja kwa hiyo laki sita?", maandishi ya pakeji kwenye klipu ya maandalizi ni madogo. Wakisifia tu na hakuna anayetaja tarehe, rudi kwenye sekunde 6 za mwisho, ombi lako halisikiki. Na wakiwa wanatuma tarehe alafu wanapotea ukishawajibu, hapo video imefanya kazi yake, tatizo liko kwenye majibu yako, na ndo hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Skripti ya kujibu

Mtu akituma tarehe usimtumie picha arobaini na karatasi ndefu ya masharti. Mazungumzo yanaenda hivi:

Mweka hazina: Habari kijana. Tumeona video kwenye grupu. Harusi yetu ni jumamosi ya pili baada ya Pasaka, ukumbi upo Nyegezi.

Wewe: Shikamoo mama, asante sana. Hiyo jumamosi ipo wazi. Ibada inaanza saa ngapi, na bibi harusi anajiandalia wapi?

Mweka hazina: Marahaba. Ibada saa nane, anajiandalia nyumbani Buzuruga. Tunataka hiyo ya milioni moja na mbili, ila bajeti yetu ni milioni moja.

Wewe: Nimekuelewa mama. Kwa milioni moja nawafanyia hiyohiyo, wapiga picha wawili na siku nzima, ila albamu haitakuwepo. Mkitaka albamu baadae mtalipia 250,000, picha zenu nitakuwa nazo mpaka miezi sita. Siku naishikilia mpaka jumatatu ili mkae kikao, na advansi ni nusu, laki tano. Ikiingia nakutumia risiti na mkataba uweke kwenye grupu.

Ona kwamba amepata bei yake na wewe hujapoteza, umetoa kitu ambacho kinagharimu zaidi ya kile walichopunguza. Ona pia umempa kitu cha kupeleka kwenye kikao, risiti na mkataba, maana mweka hazina anatakiwa aonyeshe hela za watu zimeenda wapi. Namba ya kupokelea malipo iwe ileile iliyopo kwenye video na jina lilingane, mtu akiona jina tofauti anasita, na siku hizi ana sababu ya kusita.

Kuhusu muda wa kuposti, fuata vikao. Wakristo wengi hawafungi ndoa kipindi cha Kwaresma, Waislamu nao wengi wanasubiri Ramadhani iishe, lakini kamati ndo zinakaa hapohapo kupanga za baada ya Pasaka na baada ya Idi. Kwahiyo ile miezi ambayo wewe unaona biashara imelala ndo miezi ya kuirusha video, jumamosi jioni au jumapili mchana, kabla kikao hakijaanza. Jumamosi zikishaanza kujaa, rudi kwenye kile kipande cha mwisho ubadilishe maandishi uweke tarehe zilizobaki wazi, sauti iache kama ilivyo.